Sekunde 30 za Kwanza: Namna ya Kupima Ufunguzi wa Filamu Zetu Fupi

Hotuba ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi mbele ya kamati za sharika na wageni wahisani, Mitundu, Mkoa wa Singida



Suala nililopewa ni hili. Filamu zetu fupi za miradi, zile tunazoziweka YouTube, nyingi huanza na wimbo wa kwaya, nembo, na salamu za kiongozi. Wapo wanaosema kwamba salamu hizo ndizo zinazowafukuza watazamaji kabla hawajafika kwenye somo. Wapo wanaosema kwamba kazi ya kanisa isiyoanza kwa salamu haina adabu. Kamati imeshindwa kukata shauri kwa sababu kila upande ulileta filamu moja kama shahidi. Nataka kuonyesha kwamba filamu moja haiwezi kuwa shahidi wa jambo hili, na kwamba tukiziweka kadhaa za aina moja pamoja, zitatupa jibu.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Wakati fulani kikundi cha akina mama wa usharika mmoja kilitoa filamu kuhusu ufugaji wa kuku. Nilipofungua takwimu nikaona watu wengi wameondoka mapema sana. Sikuuliza zaidi. Niliandika ushauri kwamba mama aliyekuwa akieleza abadilishwe, awekwe kijana mwenye kusema haraka haraka. Baadaye ndipo tukagundua kwamba picha ya nje ya filamu ile, ile anayoiona mtu kabla hajaifungua, ilikuwa ya kwaya, na kiungo chake kilikuwa kimetumwa kwenye kundi la WhatsApp la waimbaji. Watu walifungua wakitafuta wimbo, wakakuta banda la kuku, wakaondoka. Mama yule hakuwa na kosa lolote. Nilikwenda kumwomba radhi, naye alinisamehe, lakini hakutaka tena kusimama mbele ya kamera. Ndiyo maana nazungumza juu ya kipimo hiki kwa uangalifu. Kikitumiwa vibaya kinaumiza mtu.

WALIOTUTANGULIA

Swali hili si geni katika nchi hii, wala si geni kwa kanisa. Kati ya mwaka 1935 na 1937, kule Vugiri katika milima ya Usambara, kulikuwa na mradi wa filamu za mafunzo uliosimamiwa na Baraza la Kimataifa la Misioni kwa msaada wa fedha wa Shirika la Carnegie la Marekani. Viongozi wake walikuwa L. A. Notcutt na G. C. Latham. Walitengeneza filamu fupi 35 juu ya kilimo, afya na mambo ya maisha, wakazizungusha kwa gari katika Tanganyika na nchi za jirani, na mwaka 1937 wakatoa kitabu kuhusu kazi hiyo na jinsi watazamaji walivyozipokea.

Mradi ule ulikuwa wa enzi za ukoloni, na fikra zake nyingi juu ya Waafrika hatuwezi kuzikubali leo. Lakini walikuwa na nafasi moja ambayo sisi hatuna. Mtu anayeonyesha filamu uwanjani hukaa pamoja na watazamaji wake. Akiona watoto wanaanza kuchezeana, au wazee wanainuka na viti vyao, anajua papo hapo kwamba kuna mahali filamu imelegea. Mtazamaji wetu wa leo yuko Manyoni, Dar es Salaam au ughaibuni, peke yake na simu yake. Akichoka hatumwoni. Kinachobaki ni alama ya muda aliotuacha.

ALAMA HIYO INASOMWAJE

Katibu anayeshika akaunti ya YouTube akiingia YouTube Studio na kufungua takwimu za filamu moja, atakuta mchoro ulioandikwa Audience retention. Ni mstari unaoanza juu kushoto na kuteremka kwenda kulia. Kwa kila sekunde, mstari unaonyesha ni asilimia ngapi ya utazamaji bado ilikuwa inaendelea. Kuna pia tarakimu inayohusu Intro, yaani asilimia ya waliokuwa bado wanatazama sekunde 30 zilipotimia. Kwa kawaida tarakimu hiyo hutolewa kwa filamu yenye urefu wa angalau sekunde 60 na iliyotazamwa angalau mara 100, nayo huchukua siku moja au mbili kuandaliwa. Video iliyotumwa yenyewe ndani ya WhatsApp, bila kiungo cha YouTube, haihesabiwi kabisa.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba mstari huu huteremka kwa kila filamu, hata iliyo nzuri. Wapo waliofungua kwa bahati mbaya, wapo walioitwa mezani, wapo ambao mtandao uliwakatikia. Kwa hiyo ukiniambia, "Mratibu, filamu yetu imebakiza asilimia 46," sina la kukujibu. Asilimia 46 si nzuri wala si mbaya mpaka nijue filamu nyingine za namna hiyo hubakiza ngapi.

YouTube yenyewe hujaribu kutusaidia hapo. Huweka juu ya mchoro kipimo cha kawaida, kwa kutazama filamu zako 10 za karibuni zenye urefu unaokaribiana. Ni msaada mzuri kwa mwenye kutoa filamu za aina moja. Lakini sisi, katika akaunti moja, tuna mahubiri, kwaya, harambee ya ujenzi na somo la nyuki. Wimbo wa dakika nne na somo la nyuki la dakika nne vina urefu uleule, lakini havina watazamaji walewale. Ni sawa na kulinganisha mahudhurio ya ibada ya Pasaka na ya Jumapili ya msimu wa palizi, kisha ukasema mhubiri wa Jumapili ile ya palizi hafai. Hakuna mzee wa kanisa anayefanya hivyo kwenye kitabu cha mahudhurio. Tusifanye hivyo kwenye filamu.

Kwa hiyo seti yetu tuipange wenyewe. Filamu ziwe za somo la aina moja, urefu unaokaribiana, msemaji yuleyule ikiwezekana, na zimesambazwa kwa njia ileile. Filamu iliyotangazwa kwa kulipia isichanganywe na ambazo hazikulipiwa, maana tangazo huwaletea watu filamu ambayo hawakuiomba. Tena zote zipimwe zikiwa na umri mmoja. Siku za mwanzo wanaofungua ni watu wetu wanaotufahamu na kutuvumilia, na wageni wanaotafuta somo huja baadaye. Napendekeza iwe siku ya 14 tangu filamu ilipotolewa. Siku hiyo katibu afungue takwimu na kuandika daftarini. Filamu ya mwezi uliopita isipimwe kwa iliyotoka juzi.

MFANO WA FILAMU SITA ZA NYUKI

Sasa tufanye hesabu pamoja. Tarakimu hizi nimezitunga kwa ajili ya somo, wala si za usharika wowote, lakini hivi ndivyo daftari linavyosomwa.

Tuseme tuna filamu sita za ufugaji nyuki, kila moja ya dakika nne, kila moja imetazamwa kama mara 400 kufikia siku ya 14. Tatu za kwanza zinaanza kwa kwaya, nembo na salamu, na somo linaanza kwenye sekunde ya 25. Tatu za pili zinaanza mzingani moja kwa moja. Kwenye sekunde ya 30, tatu za kwanza zimebakiza asilimia 45, 48 na 42. Tatu za pili zimebakiza 63, 58 na 46.

Mwenye haraka atachukua wastani. Kundi la kwanza ni 45, la pili linakaribia 56. Atasema, "Salamu ziondoke," na kikao kitafungwa. Mimi nawaomba tutazame tena tarakimu ndani ya kila kundi, kwa sababu humo ndimo mna kipimo chenyewe.

Filamu tatu za kwanza zina ufunguzi wa aina moja, hata hivyo zimeachana kwa asilimia 6. Hakuna lililobadilika katika ufunguzi, kwa hiyo tofauti ya kiasi hicho inaweza kutokea bila sababu yoyote tunayoijua. Asiwepo mtu wa kumsifu mwenye 48 na kumlaumu mwenye 42. Lakini 63 na 58 ziko mbali na kundi hilo zote mbili, na zimeelekea upande mmoja. Hapo ufunguzi umesema kitu.

Sasa ile ya 46 iliyo katika kundi la pili. Imeanza mzingani kama wenzake, lakini imeanguka pamoja na zile za salamu. Hapa hatuwezi kuendelea kwa kutazama sekunde ya 30 peke yake. Lazima turudi kwenye mistari, tuiweke mitatu pamoja, tuone inaachana wapi. Tuseme kwamba mpaka sekunde ya 10 inakwenda sambamba, zote ziko karibu na asilimia 78. Halafu kati ya sekunde ya 12 na ya 20 mmoja unaporomoka wakati wenzake wanateremka taratibu. Basi picha za kwanza hazikumfukuza mtu. Kilichowafukuza kiko katika sekunde hizo nane.

Tunafungua filamu na kutazama sekunde hizo nane kwa macho yetu. Kichwa chake kinasema: Jinsi ya Kuuza Asali kwa Bei Nzuri. Filamu inaanza na mzinga, mtazamaji anavumilia akidhani bei inakuja. Kwenye sekunde ya 12 msemaji anasema, "Leo nitawaonyesha jinsi ya kuwasha bomba la moshi." Aliyekuja kutafuta bei ameelewa kwamba hataipata, naye ameondoka. Ufunguzi wenyewe haukuwa mvivu. Ulivunja ahadi ya kichwa. Dawa yake ni kubadilisha kichwa, au kuanza na bei kisha kueleza kwamba moshi ukizidi huiharibu harufu ya asali na kuishusha thamani. Kumbadilisha msemaji, kama nilivyofanya mimi kwa yule mama, kusingeponya chochote.

Na ile ya 63? Tuseme inaanza na chupa ya asali iliyovimba, mfugaji anaifungua, povu linatoka, naye anasema: "Asali hii imechacha, na kosa nililifanya siku ya kuvuna." Kila mfugaji amewahi kuiona chupa hiyo. Anabaki ili ajue kosa ni lipi. Kisha msemaji anainua sega na kuonyesha vitundu ambavyo nyuki hawajavifunika kwa nta: asali hiyo bado ina maji mengi, haijaiva, haikupaswa kuvunwa. Ufunguzi umeuliza swali ambalo somo lenyewe linalijibu.

WATAZAMAJI WANGAPI WANATOSHA

Kuna swali ambalo mhasibu wetu huuliza kila mara, naye ana haki: tofauti ya kiasi gani ni ya kweli, na kiasi gani ni bahati? Ikiwa filamu mbili zimetazamwa mara 100 kila moja, na kama nusu wakabaki, basi tofauti ya chini ya asilimia 14 hivi yaweza kuwa bahati tu. Zikitazamwa mara 400 kila moja, kiasi hicho hushuka hadi kama 7. Ndiyo maana katika mfano wetu 42 na 48 hazitofautiani, lakini 46 na 63 zinatofautiana. Filamu iliyotazamwa mara 40 ni shahidi dhaifu kabisa. Kila mtazamaji mmoja hapo ana uzito wa asilimia mbili na nusu, na familia moja ikiamua kuitazama hadi mwisho hesabu yote imehama.

Sharika zetu nyingi hazifikishi watazamaji 400. Nalijua hilo. Njia iliyo wazi kwetu ni kuunganisha: filamu tatu au nne za ufunguzi mmoja zijumlishwe upande huu, na nyingine tatu au nne za ufunguzi wa pili upande ule. Kinachohitajika ni kwamba ndani ya kila upande ufunguzi usibadilikebadilike. Ukibadilisha kwaya, msemaji, kichwa na njia ya kusambaza kwa wakati mmoja, matokeo yakipanda hutajua ni kipi cha kushukuru.

MPAKA WA KIPIMO HIKI

Wapendwa, kipimo cha sekunde 30 kina udhaifu mmoja ambao kanisa halina budi kuuogopa. Kinaweza kupandishwa kwa njia mbaya. Ukianza na picha ya mtoto mgonjwa analia, watu watabaki. Ukianza kwa kusema, "Hutaamini kilichotokea," watabaki pia. Ni rahisi kuwabakiza watu sekunde 30 kwa kuwatisha au kuwadanganya.

Mstari wenyewe husaidia kumkamata mwongo. Filamu iliyowashika watu kwa ujanja hubaki juu kwenye sekunde ya 30, kisha huporomoka wanapogundua kwamba waliloahidiwa halipo. Kwa hiyo katibu aandike tarakimu mbili: ya sekunde ya 30 na ya katikati ya filamu. Ufunguzi bora wa kweli huinua zote mbili. Ukiinua ya kwanza huku ya pili ikibaki palepale au kushuka, tumepata watazamaji wa nusu dakika tu. Lakini picha ya mtoto anayelia yaweza kuinua zote mbili, na bado ikawa si haki kwa mtoto yule na wazazi wake. Hilo mstari hautalionyesha. Litabaki kuwa kazi ya kamati, kabla filamu haijatoka.

Na kwenu wahisani nina ombi. Fomu nyingi za taarifa hutuuliza idadi ya waliotazama. Idadi hiyo huwahesabu pia wale walioondoka kabla ya neno la kwanza la somo. Katika mfano wetu, filamu ya 42 na ile ya 63 zote zimetazamwa mara 400, lakini sekunde ya 30 ilipofika, moja ilibaki na utazamaji kama 168 na nyingine 252. Mkituruhusu kuandika tarakimu hizo mbili za daftari badala ya moja, mtaona kazi yetu kwa macho safi zaidi, hata pale ambapo haitupi sifa.

TUFANYE NINI KUANZIA SASA

Napendekeza kwa kamati uamuzi usitolewe leo. Tuna filamu sita za alizeti zinazotengenezwa kabla ya msimu. Tatu zibaki na kwaya na salamu mwanzoni kama tulivyozoea. Tatu zianze shambani, na salamu za kiongozi ziwekwe baada ya somo, pamoja na wimbo mzima wa kwaya badala ya kipande cha sekunde 15. Zitolewe kwa kupishana, moja ya aina hii na moja ya aina ile, ili msimu wa mavuno usizipendelee za upande mmoja. Zisambazwe kwenye makundi yaleyale. Zisikatwe wala kubadilishwa vichwa mpaka siku ya 14 ipite.

Baada ya hapo tukutane, daftari likiwa mezani. Kama pande zote mbili zitakuwa zimekaribiana, basi salamu hazifukuzi mtu, na wazee wetu watakuwa wamesema kweli. Kama zitaachana kama mfano wetu ulivyoachana, tutahamisha salamu kwenda mwisho bila mtu kuona amedharauliwa. Na kama kuna filamu itakayoanguka peke yake, tutaitazama kwa pamoja, sekunde kwa sekunde, kabla hatujataja jina la mtu yeyote.

Yule mama wa kuku nimemwomba awe mmoja wa wasemaji wa filamu za alizeti. Hajakubali bado. Amesema atakubali kama mimi ndiye nitakayeshika daftari.